Kofia ya Mzee Mbwana na Haki ya Jirani

Tumemzika Bi Esha wiki iliyopita hapa kisiwani Kudha, na tangu siku hiyo nimekaa matangani kwake nikisikiliza watu wakisimulia kisa changu kwa makosa. Mmoja, aliyekuja kutoka Mombasa, anasema mimi ndiye niliyemtukana marehemu msikitini nilipokuwa kijana. Mwingine, huyu ametoka Ulaya na amekuja na koti la baridi kwenye joto hili, anasema mimi ndiye niliyemwokolea kiwanja kwa ufasaha wangu. Huyu wa pili simkosoi sana. Lakini wote wawili hawakuwapo, na wanaongea kinywa kikiwa kimejaa mkate wa mofa na mchuzi wa papa, mkate uliookwa katika jiko lile lile lililokuwa likigombaniwa, na hakuna anayeniuliza mimi niliyekaa mbele yao nimeshika kikombe cha chai. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo barafu inayopoza samaki kutoka hapa mpaka Burgao inagandishwa na mitambo yangu; sikurithi hata bisibisi. Mtu aliyeweza hayo hashindwi na kalamu.

Mwaka wa kisa hicho nilikuwa fundi wa mashine za boti. Watu wetu walikuwa wanarejea kidogo kidogo baada ya vita, wengine kutoka kambini Kenya, wengine Mombasa, na kila aliyerejea alikuta jambo: huyu nyumba imebaki msingi, yule kisima kimefukiwa, mwingine kiwanja chake kimeota miti na mtu amefungia mbuzi humo. Makaratasi hakuna aliyekuwa nayo. Wazee walikaa baada ya sala ya Ijumaa wakisikiliza mashahidi: huyu ni nani, baba yake ni nani, ni mchu wa wapi, kwa lugha ya mjini mtu wa wapi. Ukishuhudiwa na jamaa zako wa kisiwani, kiwanja chako. Usiposhuhudiwa, pole. Mkuu wa wazee hao alikuwa Mzee Mbwana, mtu mwema, lakini alikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono ndefu kama kibuyu, na hiyo kofia naomba msomaji aiweke akilini, maana imenitesa.

Katikati ya mwaka ukafanyika mkutano wa jamii yetu ya visiwani kule Kismayo, na ndani yake kikao cha masomo. Kila kisiwa kilitakiwa kitoe kijana mmoja ahudhurie, kisha arudi kwao awape vijana wenzake mawaidha. Kudha walinichagua mimi. Wapo waliosema nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na mashua yenye mashine inayowaka, waseme. Ukumbi ulikuwa wa madrasa, madirisha wameyaziba kwa mablanketi ili mwanga usiingie, projekta wameiweka juu ya kreti ya soda, na jenereta nje inanguruma kiasi kwamba nusu ya maneno tulikuwa tunayakisia. Ilikuwa ya kutengenezwa kabureta tu. Niliwaambia. Wakaniambia nikae.

Mwalimu alikuwa Ustadh Salim, kijana wa Mombasa mwembamba mwenye sauti ya upole, na mada yake ilikuwa Haki za Jirani. Slaidi zilikuwa nyingi. Aya, hadithi, picha ya jengo la ghorofa lenye lifti, picha ya watu wawili wanapeana sahani, mishale, viduara vya rangi. Alipomaliza akatufundisha namna ya kuzigeuza kuwa mawaidha, na hapo lazima niseme ukweli, alifundisha vizuri. Alisema slaidi imetengenezwa iangaliwe, mawaidha yanasikilizwa. Ukisoma slaidi mbele ya watu utawalaza. Chukua jambo moja tu. Kabla hujaandika kingine, andika sentensi moja: kijana akitoka hapa, akafanye nini? Ukishaijua hiyo, anza kwa kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, soma aya moja, leta hadithi moja useme imepokewa na nani, kisha vifungu vichache vinavyosukuma jambo lile lile. Toa mfano wa hapo hapo kwenu, usiwapelekee watu wa kisiwani mfano wa lifti. Waulize swali moja waseme wao. Wape kazi ya kufanya kabla ya Ijumaa nyingine. Funga kwa dua. Na usichokijua, sema Mungu ndiye ajuaye, ukae chini.

Mimi nikamwambia, "Ustadh, sisi watu wa kazi. Hatuandiki. Tunapiga picha." Nikatoa simu nikazipiga slaidi zote, na Mzee Mbwana, aliyekuja nami mkutanoni, alikuwa amekaa mbele yangu.

Nilirudi Kudha, nikakata boksi la plagi za mashine, nikaandika muhtasari wangu kwa herufi kubwa. Jambo moja? Mimi nilitaka wapate faida yote. Nikaweka aya, nikaweka hadithi kadhaa, nikaweka haki ya kumzuru mgonjwa, haki ya kutomzibia upepo kwa ukuta, haki ya mchuzi uzidishwe maji apelekewe. Lakini uti wa mgongo niliuchukua kwenye slaidi iliyonipendeza kuliko zote, yenye viduara vitatu: majirani ni aina tatu. Yuko wa haki moja, naye ni asiye Muislamu. Yuko wa haki mbili, Muislamu asiye jamaa yako. Yuko wa haki tatu, Muislamu tena jamaa yako. Safi, imepangika, hata mtu wa darasa la tatu anaikumbuka. Na slaidi iliyofuata ilikuwa na swali tayari la kuwauliza vijana: katika majirani zako, yupi si jamaa yako, naye ana haki gani kwako? Nikalinakili kama lilivyo.

Sasa msomaji wa mjini hataona kitu hapo. Mjini uliza hivyo kutwa nzima. Lakini Kudha, kisiwa ambacho kila mtu ni binamu wa mwenzake kwa mlango wa mbele au wa nyuma, na mwaka ule ambao kiwanja kilitoka kwa kushuhudiwa ujamaa! Mimi mwenyewe sikuliona, na mimi huona bolti iliyolegea kwa kusikiliza tu mlio.

Tukakaa msikitini baada ya alasiri, vijana wamejaa mpaka kibarazani, wanawake upande wao nyuma ya pazia. Niliongea nikaongea. Waliokaa nyuma walianza kusinzia kwenye haki ya mgonjwa. Basi nikaona niwaamshe kwa swali. "Haya vijana, katika majirani zenu hapa, nani si jamaa?"

Athmani, kijana mzamiaji kamba, mdomo mrefu, hajawahi kuacha nafasi ya kuchekesha ipite, akapaza sauti: "Bi Esha! Huyo si wa hapa, huyo wa Burgao!"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Haki mbili tu huyo, Fundi! Mpunguzie!" Wakacheka zaidi, na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi kwamba wameamka. Nikaendelea na haki ya upepo. Nyuma ya pazia nikasikia kiti kinavutwa na mtu anatoka.

Bi Esha alikuwa mjane. Mumewe alikuwa na nyumba hapa kabla ya watu kukimbia. Yeye mwenyewe aliolewa kutoka Burgao, na mwanawe mmoja alikuwa ameshafika Ulaya. Aliporejea peke yake alikuta msingi, akajenga jiko kwanza, chumba baadaye, na akaanza kuoka mikate ya mofa, watu wananunua alfajiri. Kulikuwa na mnunuzi wa kamba aliyekitaka kiwanja kile ajenge stoo, kwa sababu kiko karibu na maji. Kesi yao ilikuwa mbele ya wazee. Baada ya mawaidha yangu, yule mnunuzi hakuhitaji shahidi. Alikwenda kwa wazee akasema, "Limesemwa msikitini, mbele ya watu, na aliyetumwa na mkutano yupo, hakukanusha." Wazee wakampa Bi Esha mpaka Ijumaa ya pili alete jamaa wa kumshuhudia, ama aondoe jiko lake. Na jamaa za mumewe walikuwa wamekwisha, wengine bahari, wengine vita, wengine nchi ambazo hata kuzitaja siwezi.

Asubuhi yake akaja kibandani kwangu. Nilikuwa nimefungua mashine, mikono mafuta matupu. Alisimama mlangoni, unga wa mtama kwenye kanga.

"Wewe ndiwe shekhe wetu mpya?"

"Shikamoo, Bi Esha. Mimi fundi tu."

"Marahaba. Fundi hutengeneza. Wewe umevunja." Akaangalia vyuma vyangu chini kama anayechagua samaki waliolala. "Mimi nimeoka mikate hapa, nimezalisha wanawake hapa, mume wangu nimemzika hapa. Ukaja wewe na boksi lako ukauliza nani si mchu wa hapa. Wakupe jibu gani?"

Nikamwambia aliyesema ni Athmani, si mimi. Nikamwambia swali lenyewe si langu, ni la slaidi.

"Hiyo slaidi mimi siijui. Mimi namjua aliyesimama." Akafunga kanga yake. "Uliponitoa ndipo utakaponirudisha. Pale pale, na watu wale wale, kabla ya Ijumaa yao." Akaondoka, na siku hiyo mkate hakuniuzia.

Nilikasirika mpaka nikavunja spana. Kila niliyemwendea alikuwa na lake. Athmani aliniambia, "Ah, Fundi, mimi nilitania tu, kwani wewe huwezi kutaniwa?" Nikamwambia utani wake unabomoa jiko, akasema basi mimi ndiye niliyeuliza. Mzee Mbwana akasema wazee hawahukumu kwa utani, wanahukumu kwa ushahidi, ila lililosemwa msikitini limesemwa. Nikapanda kwenye kilima ambako simu inashika, nikampigia Ustadh Salim, na ninakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno kwa sababu yalinichoma.

"Ustadh, slaidi yako ya viduara vitatu imeniharibia."

"Ipi? Ya aina tatu za majirani? Umeitumia?"

"Ndiyo uti wa mgongo."

"Ndugu yangu, chini ya ile slaidi pameandikwa nini?"

Nikatazama simu. "Chini ya slaidi pana kofia."

"Kofia gani?"

"Ya Mzee Mbwana. Imeziba."

Akashusha pumzi hadi nikaisikia kutoka Mombasa. Chini ya slaidi, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba hadithi ile mapokezi yake ni dhaifu, kwamba ameiweka ili kutuonyesha kinachosemwa na watu, na kwamba asiijengee mtu hoja. Alikuwa ameieleza kwa mdomo pia. Jenereta ilikuwa inanguruma. Nikamwambia, "Sasa Ustadh, jambo zito hivyo unaliandika chini, kwa herufi za sisimizi?" Akasema, "Na wewe jambo zito hivyo unalipiga picha juu ya kichwa cha mzee?" Tukagombana mpaka salio likakaribia kukata. Hakuna aliyeshinda. Mwisho akasema, "Nakutumia faili lenyewe. Lisome lote. Kisha uniletee sentensi moja, siyo mawaidha. Sentensi moja tu: unataka wakafanye nini?"

Mimi na kusoma si marafiki. Nilikaa na lile faili nikisukuma slaidi kwa kidole, nikisoma kwa silabi, na hasira zikinipanda na kushuka. Aya ilikuwepo, ile ya Suratun Nisaa, na safari hii nikaiona sawasawa: inaamrisha wema kwa jirani aliye jamaa na kwa jirani asiye jamaa, wote katika pumzi moja, na haikuwahesabia huyu tatu yule mbili. Ikafuata ile mashuhuri, kwamba Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Nikaisoma tena. Anayekaribia kurithishwa, maana yake hakuwa mrithi. Angekuwa jamaa asingekuwa na la kudhaniwa. Halafu mbele, slaidi ambayo kwenye simu yangu ilikuwa kofia tupu kutoka kona hadi kona, nikakuta ya Bibi Aisha. Alimuuliza Mtume: nina majirani wawili, zawadi nimpelekee yupi? Akajibiwa: yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi nawe. Na chini, kwa herufi zile zile za sisimizi, imeandikwa imepokewa na Bukhari.

Nilisimama. Jirani yule hakuulizwa jamaa. Hakuulizwa katoka Burgao au katoka wapi. Alipimiwa kwa mlango.

Nikampigia Ustadh. Sentensi yangu ikawa: kila kijana akitoka hapa aende kwenye mlango ulio karibu na wake. Akasema, "Hiyo sawa. Sasa ondoa mengine." Niling'ang'ania haki ya upepo, naipenda ile. Akasema ondoa. Nikang'ang'ania mchuzi, akaniachia mchuzi uwe ndiyo kazi ya kufanya. Nikamwambia nitamtaka radhi Bi Esha kwa jina lake. Akakataa kabisa: "Mtu hatajwi jina katika mawaidha. Wala aliyekosea, wala aliyekosewa. Ukimtaja Athmani unamfedhehesha, ukimtaja Bi Esha unamfanya tena kuwa mada." Nikamwambia, "Wewe hujamwona huyu mama. Ameniambia nimrudishe." Akasema, "Swali lilimtoa. Tafuta swali la kumrudisha." Akakata simu, au salio ndilo lililokata. Nililizungusha swali hilo kichwani njia nzima kutoka kilimani, nikimlaani yeye na projekta yake, na nilipofika chini nilikuwa nimelipata. Mwenyewe. Hilo siligawani na mtu.

Siku ya kikao cha pili, pale pale msikitini, vijana walikuja wengi, kwa sababu walitegemea kuniona naaibika. Bi Esha alikuja pia. Nilijua, maana nyuma ya pazia nilisikia wanawake wakimwambia apite mbele. Nikahimidi, nikamsalia Mtume, nikasoma aya moja. Nikasema waziwazi kwamba hadithi ya viduara vitatu niliyowaletea ni dhaifu, nimeiondoa, asiijengee mtu kitu juu yake. Mzee Mbwana, mstari wa mbele, akasogeza kofia yake. Nikawapa ya Bibi Aisha, na nani kaipokea. Nikaeleza kidogo tu, kwamba mlango wa karibu ndio unaosikia mtoto akilia, ndio unaoona moshi hautoki leo. Kisha nikaacha mambo mengine yote niliyoyajua, na mimi kuacha kusema ninalolijua ni kazi ngumu kuliko kunyanyua mashine peke yangu. Nikauliza: "Kila mmoja aniambie, mlango gani uko karibu zaidi na mlango wenu?"

Nikaanzia kushoto, mmoja mmoja. Wakataja. Wengine walibishana, huyu anasema mlango wangu, yule anasema hapana wa shangazi, wakapimana kwa hatua hewani, watu wanacheka kicheko kizuri. Ikamfikia Athmani. Aliangalia mkeka.

"Athmani, mlango gani?"

"Unaujua, Fundi."

"Sikai kwenu."

"Kwa Bi Esha," akasema. Hakuna aliyecheka. Naye, kwa kuwa mdomo wake haujui kukaa, akaendelea mwenyewe: "Moshi wake ndio unaoniamsha kila alfajiri. Mlango wangu unatazamana na wake. Na marehemu mama alikuwa akiniambia, zamani baba yangu na mumewe walijenga ukuta mmoja baina yao, msingi wa mawe uko mpaka leo, nusu uko kwetu nusu uko kwake. Nikichimba choo ninaugonga."

Mzee Mbwana aligeuka mzima, kofia na yote. "Ukuta mmoja?"

"Mmoja, mzee. Njooni muuone."

Nikawapa kazi yao: kabla ya Ijumaa, kila mmoja apeleke mchuzi kwenye mlango alioutaja. Nikaomba dua, nikakaa chini. Mawaidha mafupi kuliko yote yaliyowahi kusikika Kudha, na ni yangu. Ijumaa wazee walikwenda na jembe, wakaukuta msingi ukipita chini ya viwanja viwili bila kukatika. Hawakuuliza tena nani jamaa ya nani. Walisema aliyejenga ukuta na jirani yake alikuwa mwenye nyumba, na mkewe ndiye aliyebaki. Yule mnunuzi akatafuta pengine pa kuweka stoo. Bi Esha hakunishukuru. Alfajiri ya kesho yake alinifungia mkate, akasema, "Na hilo boksi lako la kwanza, lichome." Nikalitia kwenye jiko lake.

Athmani alikuwa amempelekea mchuzi wa papa siku ile, umejaa chumvi. Bi Esha aliusema kwa miaka. Na kwa miaka yote hiyo wakawa wanapelekeana sahani na kulaumiana mapishi, hadi Athmani ameoa, ana watoto, ana mashua mbili, mashine zote nimemuuzia mimi.

Mwezi uliopita vijana wa sasa wameniletea faili la mada mpya, wananiomba nizungumze. Nikalifungua. Slaidi ya kumi na ngapi sijui, viduara vitatu. Bado vipo! Nimewarudishia nikawaambia wasome kilichoandikwa chini, wakaniambia kwenye simu zao hakionekani vizuri. Nimechoka na watu.

Lakini nilitaka kueleza mazishi, ambayo hawa wenye vinywa vilivyojaa mkate hawayaelezi. Mwanawe alikuwa Ulaya, hakuweza kuwahi. Jeneza limefika makaburini, mchanga wa kando unaporomoka, na imamu wetu wa sasa, mgeni hapa, mtu makini kwa sheria, akasimama akauliza, "Jamaa za marehemu ni nani? Nani wake ateremke?"

Swali lile lile. Baada ya miaka yote hii, watu wote wale wamesimama, na safari hii hakukuwa na pazia. 

Athmani akavua viatu vyake. Akakunja kikoi, akateremka kaburini, akasimama ameinua mikono kumpokea. Imamu akainama.

"Wewe ni nani wake?"

"Mlango wangu unatazamana na wake," Athmani akasema.

Imamu akageuka akanitazama mimi, nimfasirie. Nikamwambia, "Mkabidhi."